Mama Bomba na Mngurumo Uliopotea

Mke wa marehemu kaka yangu anaitwa Mama Bomba. Wasiomjua hudhani ni sifa ya uzuri. Wanaomjua wanajua ni kazi, maana kwa miaka ishirini na miwili amekuwa akichomelea mabomba ya moshi ya magari. Mwenyewe husema yote mawili ni kweli na asiyeona akanunue miwani. Ni mfupi, mpana wa mabega, ana miaka hamsini na sita, na huwezi kubishana naye akiwa na grenda mkononi. Kwanza hakusikii, pili ana grenda mkononi.

Mimi ni fundi umeme kwenye gereji hiyohiyo. Wananiita Waya, kwa umbo na kwa kazi. Aliyeniingiza pale ni yeye. Kaka alipofariki nilikuwa na mwaka mzima nimekaa nyumbani nikitengeneza redio za majirani, wengi wao wakilipa kwa shukrani. Siku moja shemeji akamwendea bosi akamwambia, "Nina shemeji yangu. Mdomo anao, lakini na mikono anayo pia. Mchukue." Bosi akanichukua. Sijawahi kumshukuru shemeji vizuri, kwa sababu kila nikianza ananiambia nimpishe, namzibia mwanga.

Sehemu yake iko nyuma kabisa ya gereji. Kuna shimo la kuingilia chini ya gari, mtungi wa gesi uliofungwa kwa mnyororo, na ukuta ambao vipande vya mabomba vimepangwa kwa unene, vyembamba juu, vinene chini. Kiti cha mteja hakuna. Mteja akitaka kukaa, anaambiwa aende mapokezi akakae na wenzake.

Ana namna yake ya kufanya kazi ambayo hajawahi kuibadilisha. Hasikilizi gari akiwa amekaa ndani, hata ukimbembeleza. Anachuchumaa nyuma ya gari, kando kidogo ya bomba, anamwambia mtu apige resi, anafumba macho. Kisha anatia kitambaa kwenye mdomo wa bomba kwa sekunde chache, asikilize moshi unatorokea wapi. "Gari linaongea na mtaa," hupenda kusema. "Dereva anasikia umbea tu." Tulikuwa tunamcheka, lakini magari aliyoyashika yeye hayakurudi.

Mwaka jana ukaanza mchezo mbaya. Alikuwa ameanza kusema "eti?" mara mbili tatu kwa siku, na mafundi wakamfanya kitoweo. Mtu anamwambia kitu kwa kuchezesha midomo bila sauti, yeye anasema "eti?", wenzake wanaangua kicheko. Alicheka nao. Mimi ndiye niliyejua hapendi. Baba yake alikuwa mchomelea mageti, ndiye aliyemfundisha, na alipofika miaka sitini alikuwa kiziwi kabisa. Walikuwa wakimwita kwa kumgusa bega. Shemeji aliwahi kuniambia, tukiwa peke yetu tunakula, kwamba mikono ikichoka atauza mitumba, lakini masikio yakiondoka hajui atakuwa nani. Alisema hivyo, kisha akaniomba chumvi.

Basi, Jumatatu moja likaletwa gari la Mzee wa Mbao.

Huyu ni mfanyabiashara wa mbao, mtu wa sauti kubwa na mkanda mpana. Malori yake yote yanatengenezwa kwetu, kwa hiyo akipiga chafya, bosi anatafuta leso. Alikuwa amenunua gari la kifahari lililotumika, jeusi, la chini chini, lenye mabomba mawili ya moshi nyuma na kitufe cha kuchagua namna ya kuendesha: Starehe au Spoti. Tatizo lake lilikuwa kelele. Zamani ukiweka Starehe, gari lilinyamaza kama mtu mwenye adabu zake. Sasa lilikuwa linabweka kwenye Starehe na kwenye Spoti sawasawa, na kwa kuwa hutoka nyumbani alfajiri, kamati ya mtaa ilikuwa imemwandikia barua. Alitusomea barua yenyewe. Kwenye maneno "kero kwa wagonjwa na watoto" alipandisha sauti, kana kwamba wagonjwa na watoto ndio wenye makosa.

Shemeji akaingia shimoni na tochi. Baada ya muda mfupi akaniita. "Waya, njoo uone kitu kizuri."

Mabomba yale mawili yalitoka kwenye sailensa moja. La kushoto lilikuwa wazi daima. La kulia, karibu na mdomo wake, lilikuwa na kibati cha duara kilichokaa juu ya ekseli ndogo, kama kilango. Kikifungwa, moshi wote unalazimika kuzunguka vyumba vya sailensa, unapoteza nguvu humo, unatoka kwa upole. Kikifunguliwa, unapata njia ya mkato, unatoka na sauti yake yote. Pembeni ya kilango kulikuwa na kikopo chenye spring, na kutoka kwenye kikopo mpira mwembamba wa hewa ulipanda kwenda mbele.

"Unadhani kinachokifunga ni nini?" akaniuliza.

"Umeme," nikajibu. Mimi kila kitu nadhani ni umeme.

"Umeme unatoa amri tu. Anayefanya kazi ni mvuto. Injini inanyonya hewa kupitia mpira huu, kikopo kinavutwa, kilango kinafunga. Mvuto ukikosekana, spring inakifungua. Walioitengeneza hawakuwa wajinga. Afadhali kikwame wazi gari lipige kelele, kuliko kikwame kimefungwa injini ikabwe pumzi ikitaka kukimbia. Sasa tazama hapa." Akaupinda mpira, ukaonyesha ufa mrefu kama kisigino cha mtu asiyejipaka mafuta. "Hauvuti chochote. Kwa hiyo kilango kiko wazi saa zote, Starehe iwe, Spoti iwe."

Akabadilisha mpira, akasugua kutu kwenye ekseli, akamtaka Mzee wa Mbao asimame nyuma ya gari na yeye, si ndani. Mimi nikapiga resi. Starehe: kilango kilifungwa, sauti ikashuka, na nilipokanyaga mafuta sana tu ndipo kilipofunguka. Spoti: kilango wazi tangu gari likiwa limesimama, mngurumo ukatutikisa vifua. Akamweleza kwamba akizima gari na kuliwasha tena litarudi lenyewe kwenye Starehe. Akamweleza pia kwamba dakika ya kwanza asubuhi injini itazunguka haraka kidogo ili kupasha moto kichujio cha moshi. Huo si ugonjwa, aondoke taratibu tu. Mzee wa Mbao akaridhika. Akasema mama huyu anajua.

Angeishia hapo, nisingekuwa na la kusimulia. Lakini alikuwa amenunua redio mpya yenye skrini kubwa kama sinia, akataka niifunge kabla hajaondoka. Nikaifunga Jumanne.

Hapa nitasema ukweli, maana siku zile sikuusema. Gari lile lilikuwa na amplifaya ya kiwandani, imefichwa nyuma ya zulia la buti upande wa kushoto. Redio mpya haikuelewana nayo. Palihitajika kifaa cha kuziunganisha ambacho sikuwa nacho, na mteja alikuwa na haraka, nami nilikuwa na njaa. Nikapeleka nyaya za spika moja kwa moja kwenye redio mpya, nikachomoa plagi ya amplifaya, nikaiacha inaning'inia, nikarudisha zulia. Nikaweka muziki. Ukapiga vizuri. Nikaenda kula.

Jumatano saa nne asubuhi Mzee wa Mbao akarudi, na safari hii mkanda wake ulifika kabla yake.

"Mmelinyonga gari langu!" akasema mlangoni. "Naweka Spoti, halingurumi! Halina nguvu tena! Yule mama amechomelea nini kwenye bomba langu?"

Bosi akatoka mbio. Akaingia naye garini, wakazunguka barabara ya nyuma ya gereji mara mbili. Wakarudi. Bosi alikuwa amenyong'onyea. "Mama Bomba, kweli limepoa. Spoti na Starehe ndani ni karibu sawa. Juzi si ulisema liko sawa?"

"Liko sawa mpaka sasa hivi," akasema shemeji. "Nimelisikia likipita ukutani. Limenguruma."

"Umelisikia," akasema Mzee wa Mbao, akamtazama bosi. "Nasikia mna fundi asiyesikia."

Nani alikuwa amempa maneno yale sijui, lakini kwenye gereji yetu maneno hayahitaji miguu. Shemeji alivaa glovu, akashuka shimoni.

Bosi aliniuliza kama umeme uko sawa, nikamwambia uko sawa kabisa. Siku hiyo niliamini nisemacho. Mchana akamwita shemeji ofisini, na mlango wa ofisi ile ni wa plaiwudi, hauna siri. Alimwambia kwamba Mzee wa Mbao ametishia kuondoa malori yake. Alimwambia mpaka Jumamosi mchana gari lingurume, au atamwachia sehemu ile fundi mwingine ambaye Mzee amempendekeza. "Sikufukuzi, mama yangu. Umefanya kazi sana. Labda ni wakati wa kupumzika."

"Kupumzika kufa," shemeji akasema, akatoka.

Alhamisi alilifungua bomba lote. Alitia kioo na tochi ndani ya mdomo, nikawa nabonyeza kitufe: Starehe, Spoti, Starehe, Spoti. Kilango kilifungwa na kufunguka kama askari kwenye gwaride. Aliipima sailensa kwa kuigonga, akaivuta hewa, akaipuliza. Hakuna kilichoziba. Akanitazama na jasho likimtiririka.

"Macho yangu yanaona kinafunguka," akasema. "Masikio yangu yanasikia mngurumo. Na watu wawili wazima wanasema hawasikii kitu. Kaliendeshe wewe. Pita hapa ukutani kwenye Starehe, kisha Spoti. Mimi nitasimama nje."

Nikaliendesha. Nilipoweka Spoti na kukanyaga mafuta, nilihisi kila kitu kinachopaswa kubadilika. Mafuta yaliitika upesi, gia zilichelewa kupanda kwa hiyo injini ikazunguka juu, na nilipoachia mguu nyuma kukalia pwa, pwa, pwa, ile milipuko midogo ambayo kompyuta ya injini huitoa makusudi. Gari lilikwenda kama mshale. Nguvu zote zilikuwepo. Lakini humo ndani mngurumo ulinifikia kwa mbali tu, kama ngoma ya mtaa wa pili. Nikashusha kioo. Ukuta wa gereji ukanirudishia sauti nzima, nzito, ikaniingia mwilini.

Nikapandisha kioo: kimya. Nikashusha: ngurumo. Nikasimamisha gari pembeni.

Mimi ni fundi umeme. Nilijua. Nilikuwa nimesoma mahali, na nikapuuza, kwamba magari ya siku hizi yamezibwa vizuri mno, vioo vinene, mazulia mazito, na mabomba yao yanabanwa na sheria za kelele, mpaka mwenye gari aliyelipia injini kubwa haisikii. Kwa hiyo watengenezaji humpikia sauti. Kompyuta inasoma injini inazunguka kiasi gani na mguu umekanyaga kiasi gani, inamwambia amplifaya, amplifaya inatoa mngurumo kwenye spika, juu ya ule wa kweli. Kwenye Starehe inatia kidogo, kwenye Spoti inatia kwa kijiko kikubwa. Nje husikii hata chembe yake. Mzee wa Mbao alikuwa ameuzoea mchuzi huo, mimi nikaumwaga pamoja na plagi yangu.

Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Kisha nikaona hofu, na hofu ikawa na nguvu zaidi. Nilikuwa nimemwambia bosi umeme uko sawa kabisa. Nina watoto wanne. Nikajiambia nitarudisha ile plagi kimyakimya nikipata nafasi, na hakuna atakayejua. Kumbe plagi peke yake isingesaidia bila kurudisha redio ya zamani, na redio ile ilikuwa nyumbani kwa Mzee, kwenye boksi.

Nikarudi gereji. Shemeji alikuwa amesimama ukutani palepale, mikono kiunoni.

"Ndani unasikia nini, shemeji?" akaniuliza.

"Limepoa," nikasema. "Hata mimi nasikia limepoa."

Lilikuwa neno la kweli, na ni uongo mkubwa kuliko wowote niliowahi kusema. Alinitazama. Akaitikia kwa kichwa, mara mbili, polepole. Hakuwauliza mafundi wengine waliokuwa nje, na nilijua kwa nini: hakutaka kuwaandalia kicheko.

Ijumaa hakuja. Katika miaka yake yote ishirini na miwili kazini alikuwa amekosa siku mbili tu, ya kumzika kaka na ya kuanua matanga. Nilimpigia simu. Akasema ana shughuli zake, nisimchunguze kama mkwe. Siku ile sikuweza kufunga hata fyuzi moja vizuri. Mara kumi nilikwenda mpaka mlango wa ofisi. Mara kumi nikakumbuka nina kazi mahali pengine. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini mimi niliweza kuzunguka humohumo siku nzima.

Jumamosi alifika mapema kuliko wote. Nilimkuta anashusha mabomba ukutani, anayapanga kwenye gunia. Alikuwa ameanza na membamba.

"Unafanya nini?"

"Bosi alipiga simu jana. Mzee wa Mbao kasema basi nichomoe ule mpira, kilango kikae wazi milele, angurume apendavyo. Nikamwambia bosi sifanyi. Mtaa umeshaandika barua, kuna wagonjwa. Na haitamsaidia, maana kilango kwenye Spoti kiko wazi tayari. Bosi akasema basi atafanya mwingine." Akashusha bomba jingine. "Labda sisikii kweli, Waya. Baba naye hakujua uziwi ulimwanza lini."

Ndipo nikapiga moyo konde. Sikuchagua maneno, yalitoka yenyewe. Nilimwambia habari ya amplifaya, plagi, redio, spika, kioo nilichokishusha na kukipandisha. Alisikiliza bomba likiwa mkononi. Nikamaliza. Alilirudisha lile bomba ukutani mahali pake, akaniambia, "Kamwambie bosi. Mimi nisiwepo."

Nikaenda. Bosi alinitukana kwa lugha mbili. Kisha akampigia Mzee wa Mbao, akamwomba aje na redio ya zamani.

Alikuja amenuna. Nikaing'oa ile sinia, nikarudisha redio ya kiwandani, nikafunua zulia la buti mbele ya macho yao, nikachomeka plagi. Kazi ya saa moja. Mzee wa Mbao akashika usukani, bosi pembeni, mimi nyuma. Shemeji alibaki nje kama kawaida yake. Mzee akaweka Spoti, akakanyaga, na gari likanguruma mpaka kioo cha mbele kikatetemeka.

"Ehee!" akapiga usukani kwa kiganja. "Hili ndilo gari langu! Nguvu zimerudi! Si nilisema? Yule mama alikuwa ameziba bomba, sasa amelizibua!"

"Hajabadilisha kitu kwenye bomba," nikasema. "Lipo vilevile kama Jumatatu."

"Wewe kijana usinifundishe. Nasikia kwa masikio yangu."

Nikamwomba asimame. Nikashuka, nikafungua buti, nikachomoa fyuzi ya amplifaya, nikarudi kukaa. "Twende tena, mzee. Spoti vilevile."

Akaenda. Kimya. Gari lilipaa kwa kasi ileile, migongo yetu ikabanwa kwenye viti vilevile, lakini ngurumo haikuwepo. Nikamwomba ashushe kioo. Akashusha, mngurumo wa bomba ukaingia kutoka nje, mzima, kama ulivyokuwa siku zote. Alikishusha na kukipandisha mara tatu. Nilimwonea huruma kidogo, maana Alhamisi nami nilikuwa nimekaa kwenye kiti kilekile.

Akasimama pembeni ya barabara.

"Kwa hiyo," akasema taratibu, "miezi yote hii nilikuwa nasikiliza redio?"

Bosi alikohoa ili asicheke. Akashindwa, akacheka, na Mzee wa Mbao mwenyewe akafuata, tumbo likiruka juu ya mkanda. Aliniambia nirudishe fyuzi mara moja. Ile skrini kubwa, akasema, nitajua mwenyewe pa kuipeleka. Tuliporudi gereji alishuka, akamwendea shemeji, akamwambia mbele ya mafundi wote, "Mama, nisamehe. Nilikusingizia." Bosi naye akamwambia sehemu yake ni yake mpaka atakapoichoka mwenyewe. Mimi akaniambia tutaongea Jumatatu, na tuliongea, sitaki kuyarudia.

Mafundi wakarudi kwenye kazi zao. Nilimkuta shemeji nyuma, anamalizia kupanga mabomba kwenye ukuta. Nikamsaidia na yale manene. Nilitaka kumwomba msamaha, sikujua nianzie wapi, nikaanza kwa mzaha, ndiyo kasoro yangu. Nikamwambia leo kageuka bomba kweli.

Hakucheka. Akatoa karatasi mfukoni mwa ovaroli, akaikunjua juu ya meza ya chuma. Ilikuwa na muhuri wa hospitali na mchoro wa mistari miwili, mmoja kwa kila sikio. Wa kushoto ulikwenda sawa. Wa kulia uliporomoka mwishoni.

"Jana nilikwenda kupimwa masikio," akasema. "Nilikaa foleni tangu saa moja. Wakanifungia kwenye kijichumba, wakanivisha vitu kichwani, nikawa nabonyeza kitufe kila nikisikia mlio. Nilikuwa natetemeka, shemeji, mimi. Daktari akasema sikio la kulia limeanza kupoteza sauti nyembamba, kwa sababu ya grenda. Nzito nasikia zote. Bomba la moshi ni sauti nzito."

"Nisamehe," nikasema.

"Alhamisi nilikuuliza nini?"

"Uliniuliza ndani nasikia nini."

"Ukanijibu?"

"Limepoa."

"Yule mzee kusema, sikujali. Bosi kusema, sikujali. Ila uliposema wewe, nikakuamini wewe nikayakana masikio yangu."

Akaikunja karatasi, akairudisha mfukoni, akavaa glovu na kushuka shimoni.